Ripoti ya jikoni: mchuzi wa karanga ulioharibika usiku mmoja

"Nimemaliza miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo katika jiko la hoteli hapa Kampala. Karibu kila siku nilikuwa namenya matoke. Kwenye ripoti niandike nini katika sehemu ya mambo niliyojifunza?"

Ndugu, mimi nilimenya matoke wiki tatu nzima, na katika ripoti yangu yalichukua mistari miwili. Sehemu kubwa niliiandikia sufuria moja ya mchuzi wa karanga, na msimamizi wangu hakuniuliza juu ya jambo jingine lolote.

Usiku mmoja ulibaki mchuzi wa lita 30 hivi baada ya chakula cha jioni. Niliufunika ungali moto na kuuingiza kwenye friji kubwa katika sufuria ileile, nikiamini kwamba nimefanya kazi safi. Saa kumi na mbili asubuhi niliugusa juu nikakuta ni baridi, lakini mpishi mkuu alizamisha kipimajoto hadi katikati, kikasoma nyuzi 38. Pembeni palikuwa na mapovu madogo, na harufu ilikuwa imeanza kuchachuka. Mchuzi wote ulimwagwa, pamoja na maziwa yaliyokuwa jirani yake, kwa sababu joto la sufuria lilikuwa limeyapasha.

Nilipendekeza tuuchemshe upya. Mpishi mkuu alinieleza kwamba mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili kuchemka, kisha huamka na kuzaliana chakula kikikaa vuguvugu kwa muda mrefu, na kwamba baadhi ya sumu wanazoacha haziondolewi na moto. Mchuzi wa karanga una hatari zaidi kuliko supu nyepesi, kwa kuwa ni mzito na hauzunguki wenyewe ndani ya sufuria, hivyo joto la katikati hutoka polepole mno.

Kanuni aliyonipa ni kwamba chakula kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne nyingine. Wiki iliyofuata tuliumimina mchuzi kwenye trei pana, kina kisichozidi sentimita 5, tukaziweka trei kwenye sinki lenye maji ya barafu na kuukoroga kila baada ya dakika kumi. Tulianza saa nne usiku. Ilipofika saa tano na nusu ulikuwa nyuzi 19, ndipo ukaingia friji bila kufunikwa kabisa, na wa zamu ya usiku akaandika nyuzi 5 saa tisa. (Barafu ikiisha, na kwetu iliisha mara nyingi, trei ziwe na kina kidogo zaidi na maji yabadilishwe.)

Katika ripoti niliweka majedwali mawili ya saa na nyuzijoto, la usiku wa kwanza na la usiku wa pili. La kwanza lilikuwa na kipimo kimoja tu, kile cha asubuhi, nami nikaeleza wazi kwamba vingine havikuwepo kwa sababu sikupima.