Maswali na majibu: Futa jina la chuo, tuone kinachobaki

Shikamoo mwalimu. Nimepata B pleni ya KCSE. Ile barua ya kueleza kwa nini nataka chuo fulani, KUCCPS naipeleka wapi? (Mwanafunzi, Mambrui)

Marahaba. Hupeleki popote. KUCCPS wanatazama alama, pointi za klasta na mpangilio wa chaguo zako, basi. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu. Likija la nne nitalipita. Barua ni ya wanaoomba ufadhili, shahada ya uzamili au vyuo vya nje.

Mwalimu, niliandika hivi: "Nimechagua Chuo Kikuu cha Bangor kwa sababu ni chuo mashuhuri chenye vifaa vya kisasa, wahadhiri waliobobea na mazingira tulivu ya kusomea sayansi ya bahari." Ufadhili nikanyimwa. Mwaka huu naomba tena. Babangu ni nahodha, pengine hilo nilitaje? Kaskazi ikivuma huwa analalamikia tope la Sabaki. (Kijana wa Shela, Malindi)

Futa neno Bangor, uandike Southampton. Sentensi imetikisika? Haikutikisika. Andika Dar es Salaam, itasimama vile vile. Hayo ni maneno ya brosha, na chuo chenyewe kinayajua kwa sababu ndicho kilichoyachapisha. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kusoma barua kama hizi. Kufika alasiri, nikiona "mashuhuri" macho yanaruka yenyewe hadi aya ya pili.

Ajabu ni kwamba jibu unalo, na umelitupa mwishoni kama mtu anayeomba radhi. Nani asiyejua Malindi kwamba kaskazi ikivuma maji ya Sabaki huteremka kusini, bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na kusi ikivuma tope lile huelekea upande wa Ungwana? Babako anajua palipoingia mchanga kwa kugusa chini na upondo. Ramani ya hapo hana. Anayetaka kuichora ramani hiyo ana sababu ya kutafuta chuo, na sasa tutazame Bangor ina nini cha kumpa mtu huyo.

Shule yao ya sayansi ya bahari iko Menai Bridge, huko Wales, ukingoni mwa mlango wa bahari wa Menai, ambao maji yake hujaa na kupwa kwa kasi kubwa. Wana meli ya utafiti iitwayo Prince Madog. Meli hiyo ina sona inayotuma miali mingi ya sauti kwa pamoja na kuchora sakafu ya bahari, na kwa sona hiyo wamepima mabaki ya meli zaidi ya 270 zilizozama Bahari ya Ireland. Hicho ndicho kifaa. "Vifaa vya kisasa" ni hewa.

Jaribu kuandika hivi: "Babangu ni nahodha Malindi. Kila kaskazi tope la Mto Sabaki huingia anapovua, naye hupima kina kwa upondo. Nataka kujifunza kupima sakafu ya bahari kwa sona, nilinganishe kaskazi na kusi, tujue mchanga unatua wapi. Bangor ina Prince Madog yenye sona ya kazi hiyo, na Menai ina mkondo mkali wa kujifunzia namna maji yanavyobeba mchanga." Sasa rudisha Southampton mahali pa Bangor. Sentensi inavunjika, maana Menai haiko Southampton.

Lakini usiitume bado. Fungua ukurasa wa kozi yako, wa mwaka utakaoingia wewe, si wa miaka mitatu nyuma uliotumiwa na binamu. Angalia kama wanafunzi wa shahada yako wanapanda meli hiyo, mwaka wa ngapi, kwa siku ngapi, na kama somo lenyewe ni la lazima au la hiari. Meli inaweza kuwa ya chuo na wewe usiikanyage hadi unahitimu. Ukurasa usiposema, waandikie barua pepe ofisi ya udahili uwaulize. Jibu lao nalo ni kitu cha kutaja. Jina la moduli linakili kama lilivyo, usilitafsiri kwa kubahatisha. Maelezo yaliyo chini yake usiyanakili, maana ukiyanakili umerudi kwenye brosha kwa mlango wa nyuma.

Nitaje moduli ngapi? Rafiki yangu alitaja tisa. (Langoni, Lamu)

Mbili. Tisa ni menyu ya hoteli. Kila moduli unayoitaja ifuatwe na kitu usichokijua leo ambacho itakufundisha. Ukikosa cha kuandika hapo, ifute.

Assalaam aleikum. Nimeomba vyuo vitano Uingereza kwa UCAS. Kwenye maelezo binafsi nikisifu kipi? (Bint Mkomani, Lamu)

Waaleikum salaam, bibie. Usisifu hata kimoja. Vyuo vyote vitano vinasoma maelezo yale yale; ukitaja kimoja, wanne wamejua kwamba wao ni wa akiba. Kwa wanaoingia kuanzia 2026, UCAS wameyagawa katika maswali matatu: kwa nini kozi hiyo, masomo yamekuandaaje, na umefanya nini nje ya darasa. Herufi ni 4,000 kwa jumla pamoja na nafasi. Hakuna swali linalouliza chuo. Hayo ya meli na maabara yaweke kwa ajili ya fomu ya ufadhili, ambako huulizwa wazi.

Na yule wa saiba anayekuuzia "maelezo yaliyofaulu" kwa simu, mwambie akutumie na ya wengine aliowauzia. Utakuta bahari ile ile, ndoto ile ile.

Wafadhili wameniuliza kwa nini nataka kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Moi. Nimejibu "kwa sababu ya mbinu bora za ufundishaji". Inatosha? (Maweni, Malindi)

Bora kwa namna gani? Shule ya tiba ya Moi inajulikana kwa kufundisha kwa njia ya tatizo. Kikundi kidogo kinapewa kisa cha mgonjwa kabla ya mhadhara: mtoto ana homa na anapumua kwa shida, tuseme. Mnajadili mnachojua, mnaorodhesha msichokijua, kila mmoja anakwenda kusoma, halafu mnarudi kuelezana. Mwalimu yupo, ila hawatafunii. Kuna pia mpango uitwao COBES, unaowapeleka wanafunzi vijijini na kwenye vituo vya afya wakajifunze hukohuko.

Sasa sema hilo linakutana wapi na wewe. Umewahi kumfuata nyanyako zahanati, ukaambiwa jambo usilolielewa, ukaenda kulisoma ukarudi kumweleza? Andika siku hiyo, kwa mistari minne, kisha useme ndiyo sababu kisa kitangulie kwako kuliko mhadhara. Na kama wewe ni mtu wa kukaa nyuma na kunakili ubaoni, jiulize kabla ya kusifu. Kwenye kikundi cha watu wachache kimya kinaonekana.

Mwalimu, je nikisema napenda mandhari ya chuo? (Lamu)

Umetoka Lamu, ukawasifie mandhari?