PS5 iko chumbani juu, rauta iko sebuleni: pawalaini au meshi?

*Habari za kazi, fundi. Tunakaa Tegeta, nyumba ya ghorofa moja, kuta za tofali na sakafu ya juu ni zege. Rauta ya faiba iko sebuleni chini, PS5 iko chumbani kwangu juu, upande wa nyuma. Kifurushi ni 60 Mbps na nikiwa karibu na rauta simu inaipata yote, lakini chumbani waifai inanipa 6 tu. Nimenunua adapta za pawalaini, zile zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, zilizoandikwa 600, napata 21, na usiku inashuka hadi 8 na mechi zinakwama. Je, ni mbovu? Nizirudishe ninunue meshi, vile vifaa viwili au zaidi vinavyopokezana waifai nyumba nzima?*

Nzuri kaka. Usizirudishe bado. Kwanza zijaribu zote mbili sebuleni, kwenye soketi mbili za ukutani zilizo jirani: moja iunganishe na rauta, nyingine na kompyuta kwa kebo, kisha pima kasi. Ukipata 60 yako yote, adapta ni nzima na kinachokula kasi ni safari ya nyaya kati ya sebule na chumba chako. Naamini ndivyo utakavyokuta.

Ile 600 ya kwenye boksi ni kasi ghafi ya mawimbi kati ya adapta mbili, kwenda na kurudi vikijumlishwa pamoja, katika mazingira safi ya maabara. Adapta zikizungumza ndani ya nyumba, sehemu kubwa ya hiyo huliwa na kusahihisha makosa, kupeana zamu na kurudia pakiti zilizopotea. Halafu adapta nyingi za daraja la 600 zina tundu la kebo la 100 Mbps, kwa hiyo hata hali ikiwa nzuri kabisa huwezi kuvuka takriban 95. Watengenezaji wengi wana programu ya simu au kompyuta inayoonyesha kasi ya kiungo kati ya adapta. Chukua namba hiyo, igawe kwa mbili, na utakuwa karibu na kile utakachokipata kweli. Ikionyesha 45 wakati PS5 inapata 21, hakuna kilichoharibika, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sasa kwa nini 45 na si 600? Adapta hupandisha mawimbi ya redio juu ya umeme wa kawaida wa 50 Hz, kuanzia 2 MHz kwenda juu, na zile za kiwango cha HomePlug AV2 hufika hadi 86 MHz. Waya wa umeme haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kinachohesabika si umbali unaouona kwa macho kati ya vyumba viwili. Hesabu urefu wa waya kutoka soketi ya sebuleni hadi kwenye bodi ya umeme, kupita kwenye breka, kisha kutoka kwenye bodi kupanda juu hadi soketi yako. Vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta vinaweza kuwa mbali sana kwa njia hiyo. Mawimbi ya masafa ya juu ndiyo yanayochoka mapema, na kila maungio ya waya, kila breka na kila tawi linaloishia kwenye soketi tupu huyapunguza au kuyarudisha nyuma.

Uliza pia kama nyumba yenu imeungwa faza tatu. Nyumba zenye viyoyozi vingi mara nyingi ziko hivyo, na fundi aliyezifunga huweza kuwa alipeleka chini faza moja na juu faza nyingine. Mawimbi huvuka kutoka faza hadi faza kwa kuvuja tu, pale nyaya zinapokimbia pamoja, na huvuka yakiwa hafifu. Ukikuta ni hivyo, tafuta juu soketi iliyo kwenye faza ile ile ya rauta, au uhamishe adapta ya chini. Adapta za bei ya juu, zile za 1200 na kuendelea, nyingi hutumia na waya wa ethi kama njia ya ziada. Hizo hazitakusaidia kama ethi ya nyumba haikufungwa vizuri, na nyumba za namna hiyo ni nyingi. Mtu hulipa mara mbili na kasi ikabaki karibu ile ile.

Ekstensheni ndiyo ninayoishuku zaidi. Hujasema adapta ya juu umeichomeka wapi, lakini chumba chenye runinga na PS5 mara nyingi kina ekstensheni moja inayobeba kila kitu, na nyingi zina kinga ya umeme mkubwa. Ndani ya kinga hiyo mna vipuri vinavyozima hasa yale masafa ya juu ambayo adapta inayategemea. Ichomeke adapta moja kwa moja ukutani, peke yake, na vyombo vingine vibaki kwenye ekstensheni kwenye soketi ya pembeni. Kama adapta yenyewe ina soketi usoni, chomeka ekstensheni hapo: soketi hiyo ina kichujio kinachozuia kelele za PS5 na runinga zisirudi kwenye waya. Badiliko hili peke yake huweza kuongeza kasi mara mbili.

Kushuka kwa usiku kunaelekeza kwenye kelele. Chaja za simu, taa za LED na viyoyozi vya invata hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya kukata huko husambaa kwenye waya hadi ndani ya masafa ya adapta. Vyombo vingine havipigi kelele ila hunyonya mawimbi, kwa sababu vina vipuri vya kuchuja pale mlangoni pa umeme. Adapta huligawa eneo lake la masafa katika vijia vyembamba maelfu, na kila kijia hupewa mzigo kulingana na usafi wake. Kijia kikichafuka hupewa kidogo au huachwa kabisa. Ndiyo maana kasi haikatiki ghafla, hushuka taratibu kutoka 21 hadi 8 kadiri nyumba inavyowasha vitu jioni.

Mkosaji unaweza kumkamata. Usiku, kasi ikiwa imeshuka, unganisha kompyuta ya Windows kwa kebo kwenye adapta ya juu badala ya PS5, fungua Command Prompt, na uache amri hii ikiendelea. Anwani ya rauta yako utaiona ukiandika `ipconfig`, kwenye mstari wa Default Gateway; iandike badala ya 192.168.1.1 kama ni tofauti.

```
ping -t 192.168.1.1
```

Namba unazoziona ni muda wa kwenda hadi kwenye rauta na kurudi, bado hujatoka nje ya nyumba. Pawalaini yenye afya hukaa kati ya milisekunde 3 na 10 bila kuyumba. Ukiona 5, 6, 80, 7, 140, basi pakiti zinarudiwa, na huko ndiko kukwama kwa mechi zako. Sasa mtu wa chini azime kiyoyozi, kisha taa za nje, kisha achomoe chaja, kimoja kimoja, huku wewe ukitazama. Namba zikitulia ghafla, umempata. Chaja mbovu ya bei rahisi huondolewa. Kiyoyozi huwezi kukiondoa, ila unaweza kuhamia soketi ya laini nyingine iliyo mbali nacho.

Na hapa tenganisha mambo mawili. Mechi ya mtandaoni kwa kawaida haifiki hata 1 Mbps, kwa hiyo 8 zako zinatosha kabisa kucheza. Kinachokuangusha ni kuyumba kwa muda wa majibu. Kasi inakuumiza kwenye kupakua: gemu ya GB 100 kwa 21 Mbps ni zaidi ya saa 10, kwa 60 ni kama saa 3 na dakika 40. Na seva ikiwa Ulaya, kutoka Dar utaanza na zaidi ya milisekunde 100 kwa sababu ya umbali. Hizo hazitaondolewa na adapta wala meshi.

Kama rauta yako iko kwenye UPS, adapta ya pawalaini usiiweke humo. UPS huchuja mawimbi, na ikikata njia ya meni inabaki na umeme wake peke yake. Maana yake TANESCO wakikata, pawalaini inakufa hata kama rauta inawaka. Hapo meshi ina faida ya kweli, kwani kila kifaa chake huweza kuendeshwa na betri ndogo.

Meshi yenyewe, kosa ninaloliona kila mara ni kukiweka kifaa cha pili pale pale penye PS5. Simu yako inapata 6 chumbani kwa sababu zege lenye nondo limekula mawimbi. Kifaa cha meshi kikiwekwa hapo kitapokea mawimbi yale yale yaliyochoka, kisha kikugawie hayo hayo, na utaona mistari yote ya waifai imejaa na kasi hakuna. Kiweke mahali kinapoisikia rauta vizuri, kwa nyumba yako ni pale ngazi zinapoishia juu. Tumia programu ya simu inayopima nguvu ya waifai, na utafute sehemu inayosoma -65 dBm au bora zaidi, yaani -60, -55. Ikisoma -80, rudi nyuma kuelekea rauta.

Meshi ya bei ya chini hutumia redio ile ile kupokea kutoka kwenye rauta na kukurushia wewe, hivyo kila data husafiri hewani mara mbili na kasi hugawanyika kama nusu. Tuseme kutoka rauta hadi ngazini unapata 200. PS5 ikiunganishwa kwa waifai itabaki na karibu 100. Ukivuta kebo fupi kutoka kifaa cha ngazini hadi PS5, safari ya pili ya hewani haipo na 200 inabaki. Kwa kifurushi cha 60 zote mbili zinatosha, kwa hiyo usilipie meshi ya redio tatu. Kebo bado ivute, kwa ajili ya utulivu wa mechi.

Pima basi: ukutani bila ekstensheni, na ule mtihani wa usiku. Ukipata 40 na milisekunde zisizoyumba, baki na pawalaini. Ukiendelea kuona ruka-ruka baada ya kuzima kila unachoweza, zirudishe, nunua meshi ya vifaa viwili. Na kama baba mwenye nyumba anakubali kutoboa tundu moja, mita 25 za kebo ya Cat 6 ndani ya paipu, kupanda ukuta wa nje, zitakupa 60 zote na chini ya milisekunde moja hadi kwenye rauta. Mimi ningeanza na mazungumzo hayo.