Kabla hujarusha utani, itazame meza ya wazee

Nawaandikia mnaoanza kushika maiki kwenye sendofu na harusi za hapa Dodoma. Ukumbi wa huku una mchanganyiko wake. Mbele wapo wazee wa Kigogo waliotoka Bahi au Chamwino, katikati vijana wa chuo, nyuma watumishi waliohamia na serikali kutoka kila mkoa. Utani mmoja unawafikia kwa njia tatu.

Mwaka wangu wa kwanza nilisema kwenye sendofu kwamba ng'ombe wa mahari wamekonda mpaka wanahitaji kubebwa. Vijana waligonga meza. Nikadhani nimefika, nikaongeza wa pili. Kumbe wazee walikuwa wameinamia sahani zao, na wageni wa nyuma wanatazamana kuulizana kama wacheke. Baadaye mjumbe wa kamati akaninong'oneza kuwa sehemu ya mahari ilikuwa bado haijalipwa, na pande mbili zilikwaruzana wiki ileile. Nilikuwa nimetia chumvi kwenye kidonda.

Kicheko cha vijana kinakuja haraka, kwa hiyo hakipimi kitu. Siku hizi naanza na salamu, "Mbukwenyi!", halafu najitania mwenyewe: kwamba Kigogo changu chote kimeishia hapo. Wakati huo siwaangalii wanaocheka, natazama mikono ya wazee. Mzee akimgeukia jirani yake na kurudia maneno yako, njia iko wazi. Akitabasamu kisha akatazama meza kuu, anapima kama wakwe wamekubali, subiri. Akishika simu au glasi, rudi nyuma.

Wageni nawajua kwa kuchelewa. Wakicheka baada ya wenzao, hawajaelewa bali wanafuata adabu, na utani mkali kwao utasikika kama tusi.

Sasa, utani wa makabila. Wahehe na Wangoni walipigana karne ya 19, leo ni watani, na Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo mwingine angeyalipia. Lakini ruhusa hiyo ni ya watani wenyewe, wewe MC hukupewa. (Hata msibani mtani huruhusiwa vituko, jaribu wewe usiye mtani uone.) Mwaka jana bwana harusi alikuwa Mhehe, na kamati ikanionyesha meza ya Wangoni. Sikutania chochote. Nilimpelekea maiki baba mmoja wa meza ile, nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Mtani wako anaoa, unamwachia hivihivi?"

Alisimama akadai bwana harusi akaguliwe kwanza kama hajala mbwa asubuhi. Mzee wa Kihehe akajibu kutoka upande wa pili kabla sijarudi jukwaani. Nilichofanya mimi ni kuwaeleza wageni wa nyuma, kwa sentensi moja, kwamba hawa ni watani. Ndipo nao wakacheka kwa wakati mmoja na wenzao.