Funika maelezo kwanza: niliyojifunza nikisimba picha za wakimbizi magazetini

Nilipoanza utafiti wangu nilikuwa na picha 160 za magazeti, zote za wakimbizi wa Burundi na Kongo walioko Kigoma. Nilitaka kujua jambo moja: je, msomaji anaonyeshwa mtu, au anaonyeshwa umati? Roland Bleiker na wenzake walishauliza swali kama hilo kwa kurasa za mbele za magazeti mawili ya Australia. Makala yao ya mwaka 2013 inaonyesha kuwa picha za mkimbizi mmoja mwenye sura inayotambulika zilikuwa asilimia 2 tu.

Mwongozo wangu wa kwanza wa usimbaji, yaani wa kuipa kila picha majibu mafupi yanayoweza kuhesabiwa, ulikuwa na vipengele vitatu: uso, mandhari na umbali wa kamera. Kwenye uso niliandika, "Je, uso unaonekana vizuri? Ndiyo au hapana." Niliona inatosha. Nikampa mwenzangu picha 40, nami nikasimba zilezile, kila mtu chumbani kwake. Tukakubaliana kwenye picha 32, yaani asilimia 80, nikafurahi sana.

Msimamizi wangu akanirudisha kwenye hesabu. Mimi nilikuwa nimesema "ndiyo" mara 31, mwenzangu mara 29. Watu wawili wanaopenda kusema "ndiyo" kiasi hicho wangekubaliana kwenye asilimia 62 hivi ya picha hata kama wangejibu kwa kubahatisha. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kati ya wasimbaji wawili, huondoa sehemu hiyo ya bahati:

```
(0.80 - 0.62) / (1 - 0.62) = 0.47
```

Watafiti wengi hutaka angalau 0.80. Kwa hiyo usiridhike na asilimia ya makubaliano peke yake, hasa pale jibu moja linapotawala.

Tuliketi na zile picha 8 tulizopishana. Karibu zote zilikuwa za aina moja: mama ameinama kumtazama mtoto, mzee amegeuka upande, msichana amevuta khanga hadi puani. Kosa lilikuwa kwenye neno "vizuri", ambalo kila mmoja wetu alilipima kwa moyo wake. Nikaandika upya: "Ndiyo, ikiwa macho yote mawili na mdomo vinaonekana kwa angalau mtu mmoja. Kimojawapo kikifichwa na kivuli, nguo au mkono, ni hapana." Yule wa khanga sasa ni "hapana", ingawa macho yake yanakutazama moja kwa moja. Iliniuma. Nikamwongezea kipengele chake, "anatazama kamera", ili ushahidi huo usipotee.

Umbali ulinisumbua zaidi. Usijaribu kukisia mita. Mpiga picha mwenye lenzi ndefu anaweza kusimama mbali sana na bado akajaza fremu kwa uso mmoja. Kinachopimika ni mahali mwili ulipokatwa: kichwa na mabega ni karibu, hadi kiunoni ni wastani, mwili mzima ni mbali. Kisha picha zenyewe zitakuuliza maswali. Aliyeketi chini utamwita vipi? Sisi tulikubaliana kwamba miguu ikionekana, ni mbali. Na mmoja akiwa mbele, wengine 20 nyuma yake? Tunampima mwenye kichwa kikubwa kuliko vyote kwenye picha, kwa rula, bila kubishana nani ni "mhusika mkuu". Kanuni hiyo humfanya mtoto aliyejipenyeza mbele ya kamera aipe picha nzima umbali wake, basi weka idadi ya watu kwenye safu nyingine, usome mbili hizo kwa pamoja.

Kuhusu mandhari nitasema kwa ufupi: funika maelezo yaliyo chini ya picha kabla ya kusimba. Nilisimba "kambini" mara nyingi kwa sababu tu maelezo yalitaja Nyarugusu, wakati ndani ya fremu mlikuwa na ukuta na mti. Sasa tunadai kitu kinachoonekana, kama hema, foleni ya maji au kibao, na kama hakipo tunaandika "haibainiki". Jibu hilo ni halali kabisa.

Tulipomaliza kurekebisha, tulichukua picha 40 nyingine. Usirudie zilezile, kwa sababu mtakuwa mnakumbuka mjadala wenu. Safari hii kwenye uso tulikubaliana picha 38, na kapa ikawa 0.90. Hapo ndipo nilipoanza kusimba zote 160 kwa kanuni mpya, zikiwemo zile nilizokwisha kuzisimba.

Jambo moja halitatuliwi na mwongozo wowote. Picha ileile niliikuta gazetini imekatwa kifuani, na kwenye tovuti ya gazeti hilohilo ikaonyesha mwili mzima. Mkato wa mhariri ulikuwa umebadilisha umbali. Nilichagua toleo la karatasi kwa picha zote, nikaandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, na popote nilipotaja matokeo nilisema "zilivyochapishwa", si "zilivyopigwa".