Zamu ya kuitwa usiku: lala kabisa, simu ndiyo ikeshe

"Wakuu, wiki ijayo naanza zamu ya kuitwa usiku, chumba cha baridi cha minofu ya sangara hapa Ilemela, Mwanza. Fundi mkuu kaniambia mtu wa zamu halali. Nimepanga nilale jicho moja, simu chini ya mto, chupa ya kahawa pembeni. Enajii ipi inafaa? Mchana nilale saa ngapi? Na posho ya zamu mnaidaije?"

Huo mpango wa jicho moja uache kabla hujauanza. Na huyo fundi mkuu anayewaambia vijana kwamba mtu wa zamu halali, anawaharibia kazi. Mlinzi ndiye analipwa akeshe. Wewe unalipwa uwe na akili timamu ukiitwa, na akili hiyo inatoka usingizini.

Usingizi wa kusubiria simu ni mbovu hata simu isipolia. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1988, wahandisi wa meli walipimwa ubongo na moyo wakiwa wamelala kwenye zamu ya kuitwa. Usingizi wao mzito ulipungua, moyo ulidunda haraka zaidi, na kesho yake walikuwa na usingizi. Jambo la kushangaza ni kwamba hali hiyo ilionekana hata kabla king'ora hakijalia. Kule kujua tu kwamba unaweza kuitwa kulitosha kuwaweka kwenye mang'amung'amu.

Sasa chukua hali hiyo uirudie usiku baada ya usiku kwa makusudi, na kahawa juu yake. Usiku wa kwanza utasikia kila kitu: mbwa, pikipiki, meseji za matangazo. Utajiona uko makini. Kufikia usiku wa tatu au wa nne mwili unadai deni lake, na unadai kwa nguvu. Unazama usingizi mzito kupita kawaida, na hapo ndipo simu inalia. Ama huisikii kabisa, ama unaipokea, unasema "sawa nakuja", unarudi kulala, na asubuhi huna kumbukumbu ya kuongea na mtu. Mlinzi anaapa kwamba ulimjibu, na rekodi ya simu inaonyesha kweli ulimjibu. Aliyejilazimisha kulala kidogo ili asikie ndiye anayekosa kusikia.

Kwa hiyo kazi ya kukesha ipe simu, na uipe vizuri kiasi kwamba kichwa chako kisiwe na sababu ya kusikilizia. Itoe chini ya mto. Mto unameza sauti, na simu iliyo karibu na mkono unaizima ukiwa bado umelala. Iweke hatua mbili tatu kutoka kitandani, ili lazima usimame, ikiwa kwenye chaja, ndani ya sufuria tupu au juu ya sahani ya bati ili mtetemo wake upige kelele. Chagua mlio mnene wenye sauti nzito, kwa sababu vile vimlio vyembamba vya juu haviamshi vizuri mtu aliyezama. Mlio huo uwe wa namba ya kazini peke yake.

Kisha nyamazisha kila kitu kingine. Kwenye Android fungua Settings, ingia Do Not Disturb, upande wa Calls ruhusu Starred contacts, halafu namba ya mlinzi na ya msimamizi uziwekee nyota. Washa na Repeat callers, ili mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 apite hata kama hana nyota. Meseji zote zikae kimya. Kama una laini mbili kwenye simu moja, kumbuka kwamba simu nyingi hazipokei laini ya pili wakati unaongea na ya kwanza. Maongezi marefu yaishe kabla ya kulala.

Patana na mlinzi kwa maneno yanayoeleweka: apige mpaka ikate yenyewe, apige tena hapo hapo, na usipopokea mara ya pili apige namba ya mtu unayelala naye nyumba moja, halafu fundi wa akiba. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe ukutani getini, maana simu yake nayo inaweza kuzima. Ukishakuwa na mnyororo huo, simu moja isiposikika haimalizi mchezo, na hapo ndipo mwili unakubali kulala.

Panda kitandani saa tatu au saa nne usiku. Usikae ukingoja uone kama watapiga, maana usingizi mzito mwingi unakuja kwenye saa za mwanzo, na ukishaupata, simu ya saa tisa inakukuta na akiba. Kahawa ya saa tatu usiku inaharibu hizo hizo saa za mwanzo, kwani saa nane bado karibu nusu yake iko mwilini. Chupa iache pembeni, lakini inywe ukishaitwa. Inachukua kama nusu saa kufanya kazi, muda ambao utakuwa njiani au unajiandaa.

Kuna jambo moja la baada ya kuamka. Dakika 15 hadi 30 za kwanza, hasa ukiamshwa saa tisa au saa kumi alfajiri, unaongea vizuri lakini unaamua vibaya. Tuseme mlinzi anapiga: kipimo kilikuwa -20, sasa kinasoma -14, na kompresa moja imezima na taa nyekundu inawaka. Mdomo utataka kusema "bonyeza riseti". Usiseme. Kama imekatwa na presha kubwa, ile riseti imewekwa ya mkono ili mtu atafute chanzo kwanza, na chanzo chenyewe huenda ni feni ya kondensa iliyosimama. Akibonyeza, kompresa itawaka, itapanda presha, itakata, atabonyeza tena, na asubuhi unaongelea kununua kompresa.

Badala yake simama, washa taa, nawa uso, shika kalamu. Andika saa, kipimo kinasoma ngapi, taa ipi inawaka, feni za nje zinazunguka au hazizunguki. Msomee alichokuambia ili akusahihishe. Agizo lako la kwanza liwe moja tu: mlango wa chumba usifunguliwe. Chumba kilichojaa samaki walioganda na mlango umefungwa kinapoteza baridi taratibu, kwa hiyo dakika 20 za kunywa kahawa na kuamka vizuri kabla ya kupanda pikipiki hazikuozeshei mzigo. Isipokuwa mfumo wenu ni wa amonia na mlinzi anasikia harufu kali inayochoma macho. Hapo hakuna kusubiri wala kuuliza kipimo. Watu wote watoke waende upande upepo unakotokea, na msimamizi apigiwe dakika hiyo hiyo.

Ukirudi kumekucha, lala tena kabla ya shughuli za mchana, hata saa moja na nusu.

Leo jioni fanya jaribio. Weka simu pale itakapokaa, funga mlango, lala, mwambie mlinzi akupigie kutoka getini kwa namba atakayoitumia kweli. Wengi wetu tunakaa milimani kwenye mawe, na chumba kimoja kinaweza kuwa na mtandao dirishani na kisiwe nao kitandani. Ikisema haupatikani, hamisha simu, rudia mpaka ilie mara tatu mfululizo bila kukosa.