Usianze kuchapa bila tangazo

"Baba, watu wanakuja hapa steshenari wanasema tu, 'niandikie barua ya kazi.' Hawana tangazo, hawasemi wamefanya kazi wapi, wala barua inaenda kwa nani. Nianze kuwauliza nini?"

Mwanangu,

Anza na tangazo. Hata kama ni picha ya WhatsApp, alete kurasa zote, kwa sababu anwani, tarehe ya mwisho na viambatisho hukaa mwishoni, na watu husambaziana ukurasa wa kwanza tu.

Nilipokuwa masjala, barua iliyoandikwa "Yah: Maombi ya Kazi" basi, ilitutesa. Wiki hiyohiyo zimetangazwa nafasi za dereva, mtendaji wa kijiji na mtunza kumbukumbu. Uiweke jalada gani? Nyingi ziliishia kwenye boksi chini ya meza. Naona aibu kukwambia.

Chukua mfano wa dereva. Kijana anakwambia ana "uzoefu mkubwa". Tangazo la Dereva Daraja la II kwa kawaida linataka cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C aliyoifanyia kazi mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au NIT. Anayechambua barua anatafuta hayo, na "uzoefu mkubwa" haumo. Basi muulize: leseni yako daraja gani, uliipata lini? Umeendesha gari gani, kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani? Hapo ndipo utasikia kumbe alikuwa na Fuso ya mahindi pale Kibaigwa, na yeye alidhani hiyo si kazi ya kuandikwa! Aya inakuja yenyewe:

"Nina leseni daraja E niliyoipata mwaka 2021. Kuanzia Machi 2022 hadi Juni 2024 niliendesha Fuso ya kubeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam, bila kusababisha ajali."

Jambo linalogusa sharti la lazima ndilo zito kuliko yote. Bidii na uaminifu kila mtu anaandika. Na kama hana cheti cha mafunzo kinachotakiwa, mwambie kabla hajakulipa.

Asipokumbuka tarehe, acha nukta, aende nyumbani akaangalie. Usimjazie. Kwenye usaili wataomba vyeti halisi.

Anwani inakiliwe ilivyo kwenye tangazo: cheo, ofisi, S.L.P. Jina la mkurugenzi liache, wanahamishwa. Maombi yakipitia Ajira Portal, barua isainiwe kwanza ndipo uiskani. Wengi huipakia bila saini.

Wapo wasio na tangazo kabisa, wanaojaribu bahati kwa mtu binafsi. Hao waulize mwajiri anafanya shughuli gani na ni kazi ipi pale wanaiweza, kisha uandike "naomba kufikiriwa nafasi itakapopatikana". Usiandike kana kwamba nafasi imetangazwa.

Mama yako anauliza wino wa printa kama umefika.

Baba yako,
Dodoma