Unaondoka kazini? Kabidhi kwanza, futa baadaye

Kila masika, wageni wakipungua na watu wakaanza kuhama kampuni za utalii, naona kosa lile lile kwa wadogo zangu wa bukingi na opareshini hapa Arusha. Siku ya mwisho, kabla daladala haijafika Sanawari, mtu ameshatoka kwenye magrupu yote ya kazi, amefuta chati, amefuta namba za mawakala na ameweka stetasi ya kumshukuru Mungu. Hongera. Sasa wageni wako wanaotua KIA Jumapili wamwandikie nani?

Simu ni yako na bando unanunua mwenyewe, lakini safari za watu zimo humo ndani. Kuna mpangilio wa kuzitoa.

1. Kabidhi kabla ya kugusa `Exit group`.

Hili nililijua kwa aibu. Kwenye kampuni niliyoanzia, kila bukingi tuliifungulia grupu lake: wageni, dereva, kiongozi wa mlima na mtu mmoja wa ofisi. Huyo wa ofisi nilikuwa mimi, na admini nilikuwa mimi peke yangu. Ijumaa niliyoondoka nilijaza fomu ya makabidhiano: kompyuta, funguo, mhuri, kitambulisho. Fomu haikuuliza lolote kuhusu WhatsApp, nami sikujiuliza. Jioni nikiwa nyumbani Njiro nikapitia magrupu moja baada ya jingine, natoka na kufuta, mpaka wakabaki ndugu zangu na kikoba cha mama.

Kesho yake kulikuwa na familia ya watu wanne inayofika kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba. Baba wa familia ile alipenda kuniandikia pembeni badala ya kwenye grupu, na ninyi mnawajua wageni wa aina hiyo. Chati ile ndiyo ilikuwa na saa za ndege, habari kwamba binti yake hali mayai, na saizi za viatu vya kukodi. Nikaifuta, kisha nikafuta na namba yake. Usiku wa Jumamosi hiyo ikaingia meseji ya Kiingereza kutoka namba ya nje: wamekosa ndege ya kuunganisha Addis, watafika siku inayofuata, tafadhali wajulishe hoteli na dereva. Jina sikuliona, maneno yaliyotangulia hayakuwepo. Nikajisemea huyu ni mgeni wa ofisi, ofisi itashughulika. Nikalala.

Dereva alisimama KIA na bango lake mpaka abiria wa mwisho wakaisha. Aliuliza kwenye grupu, na wa ofisi hayumo. Grupu likibaki bila admini, WhatsApp humteua mwingine yeyote bila kumuuliza, na kura ilimwangukia kijana wa familia ile, mwanafunzi wa sekondari, ambaye muda huo yuko Addis hana mtandao. Baba naye alikuwa ameona tiki mbili za bluu kwenye meseji yake kwangu, akatulia akijua ofisi ina habari. Angejuaje kwamba nimeondoka? Mtu akitoka kwenye grupu, wanaojulishwa ni maadmini tu. Mwanachama wa kawaida mpaka afungue mwenyewe orodha ya waliotoka, ambayo hukaa siku 60, na mgeni gani anafanya hivyo?

Alfajiri wagumu, wabeba mizigo wetu wa mlimani, walikuwa wameshakusanyika Moshi, chakula kimenunuliwa. Tarehe ya ndege ya kurudi haikusogea, hivyo siku saba zikawa sita. Siku iliyokatwa ni ile ya kulala kambi ya Karanga, ambayo kazi yake ni kuuzoeza mwili kimo. Wakatoka kambi ya Barranco moja kwa moja hadi kambi ya Barafu. Mama wa familia alifika Barafu kichwa kinampasuka, akateremshwa bila kukiona kilele. Bosi wangu wa zamani alinipigia wala hakufoka. Alisema tu, "Mdogo wangu, si ungeniambia?" Heri angefoka.

Basi fanyeni hivi, wiki moja kabla ya kuondoka. Kwenye kila grupu lenye safari ambayo haijaisha, mwingize mwenzako, gusa jina lake, chagua `Make group admin`. Kwa kawaida yeye haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia, kwa hiyo tumia `Export chat` na uipeleke kwenye barua pepe ya kampuni, si Gmail yako. Chati za pembeni za wageni nazo zinahusika, na hizo ndizo mnazozisahau. Kisha mwandikie mgeni kwa jina nani anachukua nafasi yako, na ungoje ajibu. "Seen" si jibu. Akishajibu, toka. Namba za wageni walio njiani zibaki kwenye simu mpaka warudi kwao, ili meseji ikipotea njia umtambue aliyeituma na uisukume kwa mwenzako.

2. Kompyuta ya ofisi.

Fungua `Linked devices`, gusa kila kifaa, `Log out`. Kufunga dirisha la kompyuta hakutoshi. Kifaa kilichounganishwa hujitoa chenyewe pale tu simu yako inapokaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, na ninyi simu zenu hazikai hata dakika 14. Dada mmoja wa mapokezi aliondoka hivyo, na aliyerithi kiti chake akafuatilia maandalizi ya harusi kuanzia mahari hadi ugomvi wa sare. Alijua ukumbi kabla ya wakwe.

3. Pasipoti za wageni.

Ukifuta chati, picha hazijaisha. Kama uliruhusu Google Photos ihifadhi folda ya WhatsApp, kurasa za pasipoti ulizotumiwa kwa ajili ya vibali ziko huko, na siku moja zitajitokeza kama kumbukumbu nzuri katikati ya picha za kipaimara cha mwanao. Anzia `Manage storage` ndani ya WhatsApp, ufute chati kwa chati. Nenda Google Photos, tafuta, futa, kisha safisha na `Trash`, maana picha iliyohifadhiwa hukaa humo siku 60. Mwisho fanya `Back up` mpya ya WhatsApp. Ile ya zamani bado ina kila ulichofuta, na ukinunua simu nyingine itakurudishia vyote. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022 inafanya kazi, na sioni utakavyoeleza kwa nini una pasipoti ya mtu ambaye si mgeni wako tena.

4. Namba.

Wageni na mawakala ni wa kampuni, futa. Madereva, wagumu na wapishi uliokula nao vumbi ni watu wako, baki nao. Fanya usafi huu mwishoni kabisa, na ukikosea, namba iliyokuwa kwenye akaunti ya Google hukaa `Trash` siku 30.

5. Laini ya ofisi iliyosajiliwa kwa kidole chako.

Piga `*106#` uone laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Mara nyingi ile ya bukingi imo, kwa sababu siku ile bosi alikuwa na haraka na wewe ulikuwa karibu. Ukiiacha mezani ukaondoka, itakayotapelia mtu kesho ni laini yako. Nenda na bosi dukani kwa kampuni ya simu ibadilishwe umiliki. Kabla ya hapo zima PIN ya `Two-step verification` kwenye WhatsApp ya laini hiyo, la sivyo mwenzako atakwama nayo siku saba huku mawakala wakiuliza bei.